Mwezi Aliouomba kwa Barua

Barua ya kupewa kazi ilimkuta mtaalamu wa maabara nyumbani, mama yake hajiwezi kitandani. Akaketi hapo hapo, akaandika jibu:

"Yah: Ombi la kusogeza mbele tarehe ya kuanza kazi. Nashukuru kwa nafasi mliyonipa, nami naikubali pamoja na mshahara wake. Hata hivyo, naomba kwa heshima kuanza mwezi mmoja baadaye, ili nimuuguze mama yangu."

"Utaikosa kazi kwa ajili ya gofu hili la mtu," mama alinung'unika. "Kazi haina undugu, mwanangu."

"Nyamaza mama, umeze dawa."

Jibu lilikuja upesi. Wamekubali, nafasi itamngoja, na wanamwombea mama apone haraka. Lilimkuta ametoka makaburini, viatu vimejaa udongo. Waajiri wenyewe waungwana. Hata wa kumkasirikia hakumpata.

Waombolezaji walipotawanyika, alichukua karatasi aombe kuanza mapema. Akaandika "Yah:" kalamu ikagoma. Mwezi wake ulikuwa mbele yake, mzima, umeidhinishwa na kupigwa mhuri, na kitanda kilikuwa kitupu.