Karatasi Ilishakatwa

Binti yangu alipojifungua, mama mkwe wake ndiye aliyemkanda na kumpikia uji mpaka akapata nguvu. Mimi nilikuwa sijiwezi kwa malaria. Nilipopona, nikasema siwezi kwenda Sirari kumshukuru mikono mitupu.

Nikaingia duka moja la zawadi pale Bomani. Nikachagua blanketi zito la rangi ya damu ya mzee, bei tukaelewana.

"Ni la zawadi, mama?" dada wa dukani akaniuliza.

"La zawadi, mwanangu."

Basi akakata karatasi ya kung'aa, akakunja pembe, akabandika selotepu, akafunga utepe na kuukwaruza kwa mkasi mpaka ukajikunja kama springi. Nilimtazama kwa furaha. Nilidhani ni heshima ya duka kwa mteja. Nikamhesabia bei ya blanketi.

"Bado elfu nne ya kufunga, mama."

Mkononi nilibaki na nauli tu. Nyuma yangu walikuwa wamesimama wanawake wawili, na mmoja nasali naye kanisa moja. Nikasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, lifungue tu. Nitalibeba hivyo hivyo."

"Nitalifunguaje? Karatasi nimeshaikata, haitumiki tena." Akanitazama, akawatazama wale wanawake, kisha akacheka kidogo. "Haya, chukua. Leo nakusaidia bure."

Hilo neno nakusaidia lilinichoma. Mwenzangu wa kanisani akageuka kutazama vikombe ambavyo nilijua hana haja navyo. Nilitoka bila kuaga.

Kule Sirari mama mkwe wa binti yangu alilipokea kwa mikono miwili. Akawaita majirani waje waone. "Tazameni mkwe mwenzangu alivyonipambia!" Hakutaka hata kulifungua, akaliweka juu ya kabati. Kila aliposifia karatasi, nilitazama sakafu. Binti yangu akadhani homa imerudi.

Dagaa wangu walipouzika sokoni nikarudi dukani na ile elfu nne. Nilimkuta yule dada peke yake.

"Nimeleta pesa ya kufunga," nikamwambia.

Akanisalimia shikamoo kwanza, kisha akakataa kuipokea. "Mama, kosa lilikuwa langu. Nilitakiwa nikuambie bei kabla ya kushika mkasi. Halafu nikakupa kama nampa ombaomba, mbele za watu."

"Karatasi unanunua kwa pesa, sikulaumu kutoza. Ila mtu aambiwe, achague mwenyewe."

"Sasa nauliza kwanza. Asiyetaka namwekea kwenye mfuko, huo hautozwi."

Niliiacha pesa juu ya kaunta. Aliniita mara mbili, nami nikaendelea kutembea. Nilikuwa nimelipa, lakini nilipompita yule mwanamke wa kanisani karibu na stendi, nilijifanya natafuta kitu kwenye kikapu.