Miwani ya Watoto wa Pongwe

Hashil alikuwa mhasibu wa kituo cha utafiti pale Raskazone. Muzna, mpimaji macho wa kituo hicho, alikwenda Pongwe kupima macho ya wanafunzi kwa fedha za wafadhili, naye alitaka miwani iagizwe kila darasa likimaliza kupimwa. Hashil alikataa.

"Mmoja avae, mtoto wa jirani amkodolee tu? Aibu hiyo. Tutagawa siku moja."

Kabla madarasa hayajaisha, Dokta Nabhan, mtafiti mkuu, alipata kazi Ulaya akaondoka. Kituo kiliomba mwengine ashike nafasi yake. Wafadhili wakakataa, wakaandika kwamba mradi unafungwa mwisho wa mwezi: kazi iliyokwisha kufanywa na oda zilizokwisha kutolewa zilipwe, pasianzwe jambo jipya, salio lirudishwe.

"Oda ya miwani ipo?" Muzna akauliza.

"Haipo."

"Itoe leo, uandike tarehe ya mwezi uliopita."

"Huo wizi, Muzna."

"Na mimi niliyewaahidi watoto wa watu, nimefanya nini?"

Hashil akawaandikia wafadhili kuomba ruhusa ya miwani tu. Walijibu kwa upole kwamba haiwezekani. Akafunga hesabu, na benki ikarudisha fedha.

Muzna alikataa kupeleka habari. "Ulizuia wewe, kaseme wewe."

Hashil akaenda. Mlangoni pa shule mama mmoja alimpokea, amemshika mwanawe mkono, uso umemchangamka.

"Shikamoo mzee. Mmetuletea?"

Hashil akaitikia marahaba, akaomba kwanza aonyeshwe ofisi ya mwalimu mkuu.