Mieleka ya Elfu Ishirini na Tatu

Kwa miaka minane mimi, Felista, fundi cherehani, nilikuwa simu ya watu wawili walioshinda chini ya bati moja. Sikulipwa hata senti, ila nilicheka sana, na hilo nalo ni malipo.

Wa kwanza ni Tupokigwe, jirani yangu wa fremu hapa mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu. Anauza sukari, sabuni na soda, lakini duka lake linasimama kwa mtindi wa baridi. Maziwa anayachukua Masukulu, anayagandisha mwenyewe, na watu wanaoshuka kutoka mashamba ya chai huja wakiulizia kikombe chake kabla hawajaulizia kitu kingine. Ni mwanamke mnene, mpole wa uso, na mtundu kuliko mtoto wa shule. Ana ugonjwa wake mmoja: kila kitu lazima ajue kimoja kinasimama shilingi ngapi. Ukimwambia umenunua mkungu wa ndizi kwa bei nzuri, atahesabu ndizi. Harusi ya mdogo wangu alihesabu wali uliobaki kwenye sahani, akaniambia kila mgeni ametumaliza kiasi gani. Nilimnunia siku mbili.

Wa pili ni mzee Asukile, mwenye jengo, na baba mkwe wake. Anakaa chumba cha nyuma, ukuta mmoja na duka. Sasa, huku kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, wala hapiti njia anayopita. Wengi siku hizi wameiacha mila hiyo, na kanisani utawaona wamekaa benchi moja. Mzee Asukile hakuiacha. Akitaka kupita mbele ya duka alikohoa mara tatu, na Tupokigwe akazama nyuma ya kaunta mpaka hatua ziishe. Wakitaka kuambiana jambo, waliniambia mimi.

Ugomvi wao ulikuwa umeme.

Nguzo ilikuwa imesimama upande wa pili wa barabara, karibu kabisa. Lakini kuvuta umeme mpaka kwenye jengo kunahitaji ridhaa ya mwenye jengo, na mzee hakutaka hata kusikia. Alikuwa na jenereta. Kijenereta kidogo cha petroli, chekundu, alichokifuta kila asubuhi kama mtu anayeandaa ng'ombe wa mahari. Mpango wake ulikuwa rahisi: jenereta ni yangu, mafuta ni ya duka. Kila alasiri likawashwa kwa muda wa saa tatu au nne, friza la Tupokigwe likapoa, na mzee naye akachomeka televisheni yake akatazama mieleka. Kelele ya jenereta ilikuwa kubwa hivi kwamba Tupokigwe hakusikia kikohozi, na mara mbili nusura wagongane mlangoni. Siku hizo mzee alirudi chumbani akajifungia.

"Mwambie huyo," Tupokigwe aliniambia siku moja, macho yamemvimba, "kwamba nafunga duka."

Nilidhani ni utani. Haukuwa utani. Petroli ilikuwa inakula faida yote, na bado mtindi ulichacha kwa sababu saa nne za baridi kwa siku hazitoshi. Mume wake Jacob, anayefanya kazi kiwanda cha chai, alikuwa amekwisha kumwambia arudi nyumbani akalime. Alilia mbele yangu, na mimi ambaye hulia kwa shida nililia pia. Bila mtindi wake angekuwa nani? Mke wa Jacob, basi.

Nilipeleka ujumbe. Mzee alinisikiliza akiwa ametazama paa.

"Umeme wa nguzo ni laki sita na wiring yake," akasema. "Petroli ni elfu sita tu kwa siku. Kipi kikubwa? Na kama hataki petroli, si ana sola? Jua ni la bure."

Kweli alikuwa na sola. Jacob aliinunua kwa laki tisa: paneli moja, betri, inveta na nyaya. Ya bure! Nilimrudishia Tupokigwe neno hilo bila kulipunguza chumvi, na akacheka mpaka akakaa chini. Ule ugonjwa wake ulikuwa umepanda kichwani.

Alimwita Baraka, fundi umeme mwenye kibanda huku juu karibu na stendi. Baraka alikuja na mita mbili ndogo za kuchomeka, zile unazoziweka kati ya soketi na kifaa, zikakuonyesha kimekula uniti ngapi. Wakakaa dukani, na mimi nikaacha gauni la mtu bila mkono ili nisikie.

"Sola yako," Baraka alisema, "kwa mawingu haya ya Tukuyu, chukua mwaka mzima, masika na kiangazi, inakupa nusu uniti kwa siku. Betri itakufa baada ya miaka mitatu hivi. Gawanya."

Tupokigwe alishagawanya. "Elfu moja na mia sita na kitu kwa uniti."

"Baada ya hapo unanunua betri tu, paneli bado ipo, bei ya uniti itashuka. Ila friza hailiwezi. Friza lako lenyewe linataka uniti nzima kwa siku."

"Na hili dubwana la mzee?"

Dubwana likiwa limebeba friza, taa na televisheni pamoja, lilikunywa lita mbili kupata uniti moja. Petroli ilikuwa elfu tatu na mia mbili. Sikuhitaji ugonjwa wa Tupokigwe kujua hiyo ni elfu sita na mia nne.

"Na ya nguzo?"

"Kwangu uniti ya luku nainunua kwa mia tatu hamsini na kitu, kodi zote ndani. Hata ukitandaza hiyo laki sita kwa miaka kumi, bado uniti haifiki mia sita." Kisha Baraka akasema kitu ambacho nadhani hakujua amekitupa kwenye mikono gani. "Na ujue, jenereta halijali sana umebebesha nini. Injini inakunywa ili ijizungushe yenyewe kwanza. Ukitoa friza ukaacha taa moja, mafuta yatapungua kidogo tu. Uniti ndizo zitakazopungua."

Tupokigwe akatabasamu, na nilipoona tabasamu lile nilimwonea huruma mzee wa watu.

"Felista, nenda. Mwambie nimekubali jenereta. Liendelee milele. Ila tugawane mafuta kwa haki: mita moja kwangu, moja kwake, kila mtu alipie uniti alizotumia."

Mzee aliposikia, alifurahi wazi wazi. Alidhani amepata mjinga. "Friza ndilo linalokula," akaniambia, akinyoosha kidole ukutani. "Televisheni yangu ni kitu gani? Mwambie ndaga, asante, nimekubali. Na mita isichezewe!"

Mita haikuchezewa. Tupokigwe alilizima friza, akalifuta, akaliacha wazi. Mtindi wake wote aliupeleka Ibighi kwa rafiki yake Neema, mwenye friji na luku, akawa anaufuata kwa ndoo asubuhi na kuuza ukiwa bado baridi. Taa ya dukani na simu za kuchaji akaviweka kwenye sola. Kwenye jenereta hakuchomeka hata waya.

Jenereta likanguruma wiki nzima, kwa muda wa saa tatu kila siku isipokuwa Jumapili, kwa ajili ya televisheni moja, taa moja na mzee mmoja. Petroli ilinunuliwa na Tupokigwe kwa moyo mkunjufu kabisa. Mzee akisema limekauka, dakika hiyo hiyo mtu alitumwa sheli kununua mafuta. Mimi nilimletea mzee mpaka karanga za kutafuna wakati watu wanarushana ulingoni. Nakiri nilikuwa nafurahia, na sioni aibu.

Jumatatu Baraka akaja kusoma mita. Ya duka ilionyesha sifuri. Ya mzee ilionyesha uniti moja na uchafu, punje tu juu yake. Petroli yote ilikuwa lita saba na kidogo, na yote ikaangukia mita ya mzee.

Nikaenda chumba cha nyuma nikiwa nimejikaza uso. "Mzee, umetumia uniti moja."

"Nilikwambia!" Akapiga paja. "Uniti moja wiki nzima! Lete nilipe, ni shilingi ngapi?"

"Elfu ishirini na tatu."

Alinitazama. Akatazama televisheni. "Uniti moja?"

"Moja na uchafu. Uchafu amekusamehe."

"Uniti ya nini, ya dhahabu? Huyo Baraka kwake analipa ngapi?"

"Mia tatu hamsini na kitu."

"Elfu?"

"Shilingi, mzee."

Nilitegemea anitume na matusi, na nilikuwa nimekwisha kugeuka kama simu nzuri. Lakini alinipita. Alinipita pale mlangoni bila fimbo, bila koti, na bila kukohoa, akaingia dukani moja kwa moja na kusimama mbele ya kaunta. Tupokigwe alimwona, akatoa sauti kama ya kuku aliyekanyagwa, akazama nyuma ya friza.

"Nani amekula petroli yangu?" mzee aliunguruma.

Nikafungua mdomo kusema kwa niaba yake, maana ndiyo kazi yangu.

"Wewe nyamaza! Nauliza yeye. Tupokigwe! Nani amekula?"

Hakuwahi kumtaja jina. Tangu aolewe alikuwa "huyo". Sauti ndogo ikatoka nyuma ya friza, ikimwita baba kwa kilugha.

"Jenereta lenyewe, tata. Linajilisha kwanza ndipo likulishe wewe. Mimi nimelilisha miezi yote hii mpaka duka linakufa."

Niliona hasira inamtoka mzee taratibu na kitu kingine kinaingia, na kilikuwa aibu, wala si aibu ya kushindwa hesabu. Alitazama friza lililo wazi, tupu, kavu. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba neno la kufunga duka halikuwa la kutikisa kiberiti.

"Ungeniambia," alisema.

"Ningekuambiaje?"

Mzee alijikohoza, safari hii kwa kuchelewa sana, akamwagiza Baraka aandae maombi ya umeme siku hiyo hiyo. Na jenereta je? Baraka akasema likae kwa siku nguzo ikiangushwa na mti, maana siku hiyo uniti ya bei mbaya ndiyo itakayookoa mtindi. Mzee akaafiki haraka, nadhani asionekane ameshindwa kila kitu.

Kisha akakumbuka alivyo. "Mita itakuwa moja," akasema kwa sauti ya mwenye jengo. "Friza ni lako. Kwa hiyo luku utanunua wewe."

Tupokigwe akainuka. Aliinuka polepole, amejishika kwenye mfuniko wa friza, macho bado chini, halafu hayakuwa chini tena. Alimtazama baba mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie ukoo ule, uso mzima, kama anayetaka kujua anafananaje, na akasema:

"Kila mtu kwa uniti zake, tata."

Mzee Asukile aliangua kicheko, akashika kaunta asianguke. Mimi nilirudi kwenye cherehani yangu. Hakuna aliyeniita.