Anwani Iliyokatwa Mistari Miwili

Mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, anapiga chapa katika kijiduka kinachotazamana na hospitali. Wateja wanamwita Kidole, maana macho yake hayaondoki kwenye karatasi ya mteja; vidole vinakwenda vyenyewe. Alijifunzia mashine ya chuma, ile isiyojua kumrekebisha mtu. Kazi hiyo nilimtafutia mimi. Darasa niliishia la sita, lakini midomo yangu ilihitimu zamani.

Kazi kubwa ya duka ni ratiba za mazishi. Karatasi inakunjwa katikati, kwa hiyo nafasi ni finyu, na siku hizi kila msiba una anwani ya mtandao ya kutazamia kwa walio mbali. Anwani ikiwa ndefu, Kidole huikata kwenye mkwaju, ule mstari ulioinama: anabonyeza kitufe cha kushuka, kilichobaki kinaanza mstari wa chini. Na kwa kuwa kompyuta ikiona mstari mpya hudhani ni sentensi mpya, ikapachika herufi kubwa bila kuombwa, aliingia kwenye mipangilio ya masahihisho akaondoa alama kwenye kisanduku cha herufi kubwa. Kompyuta ikatulia, ikaandika alichoandika yeye.

Jumanne moja aliniachia duka akaenda kula. Nikakaa kuandika barua yangu kwa kamati ya maji, ya kuwafundisha kazi. Kila sentensi inaanza na herufi ndogo! Nikaona huyu mtoto kaiharibu mashine. Nikapekuapekua, nikakipata kile kisanduku, nikarudisha alama. Barua ikatoka imenyooka kama ya waziri. Aliporudi nikamwambia, "Kompyuta yako ilikuwa na mafua, mjomba wako kaitibu."

"Umegusa nini, mjomba?"

"Mganga hataji dawa."

Akacheka. Mteja akaingia, yakaishia hapo.

Mteja mwenyewe alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, aliyefiwa na mkewe. Mama mkwe wake alikuwa mji wa mbali, amelala na nyonga iliyovunjika, hawezi kusafirishwa. "Dada, nakuomba hii anwani iende sawasawa," fundi akasema. "Mama hana njia nyingine ya kumuaga mwanawe." Mpiga picha wa kurusha mazishi mtandaoni alikuwa ameiandika kwenye kipande cha boksi; baada ya mkwaju zilifuata herufi sita, zote ndogo.

Kidole akapiga, macho kwenye boksi. Akahakiki majina, saa, wimbo wa kufungulia. Mwanzo wa mstari wa chini palisimama herufi kubwa, na mwanzoni mwa mstari nani anaishangaa? Fundi akaipiga picha ratiba, akamtumia mama mkwe.

Siku ya mazishi nami nilikwenda; simu zote zilizimwa kwa heshima. Kule mbali, jirani akaiandika anwani kama ilivyo kwenye ratiba. Ukurasa haupo. Akarudia mara nane. Jina la kabla ya mkwaju halibagui herufi kubwa na ndogo, lakini kile kipande cha baada ya mkwaju, kwenye mtandao ule, kinabagua. Mama akaelekezewa simu usoni muda wote, akitazama maandishi ya kukataliwa. Picha zilirushwa papo kwa papo tu, hazikuhifadhiwa. Tuliporudi na kuwasha simu tukakuta malalamiko ya jirani, na kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa.

Kidole alipoambiwa aliifungua ile ratiba, akaiona ile herufi kubwa. Kisha akafungua mipangilio, akaiona alama. Akanigeukia.

"Mjomba, ulitibu nini?"

Nikamwonyesha ile alama kwa kidevu. Akaiondoa alama, akafunga duka mchana kweupe, akaenda kwa fundi kuomba radhi. Jina langu hakulitaja. Tangu hapo anwani haikati tena. Anapunguza ukubwa wa maandishi itoshe mstari mmoja. Na kabla ya kumkabidhi mteja, anaiandika upya kwenye simu yake akisoma kutoka karatasini, aone kama inafunguka.

Siku ya nne baada ya mazishi nilikwenda mwenyewe. Nikamkuta fundi amekaa mbele ya cherehani, hashoni.

"Fundi, ile herufi ni mkono wangu, si wa mtoto."

Akanisogezea kigoda. Kisha akasema, "Mama hupiga simu saa kumi kila siku, anataka nimsimulie mazishi. Mimi nikifika kaburini sauti inakatika. Ulikuwepo, mzee. Leo msimulie wewe."

Simu ikalia. Mimi niwezaye kuongeza chumvi hata kwenye habari ya kuku kuvuka barabara, siku hiyo sikuongeza punje. Nikamweleza gauni la bluu alilovishwa marehemu, waliobeba jeneza, jua lilivyokuwa kali. Mama akasikiliza, anavuta pumzi tu.

"Na mdogo wake marehemu alisimama upande gani, baba?"

"Kichwani, mama."

"Alikuwa na mtu wa kumshika?"

Nikamtazama fundi. Akatikisa kichwa: hakuna.

"Hapana, mama," nikasema. "Alisimama peke yake."