Vidonge Kwenye Pindo la Kanga

Mama yangu alipohamia kwangu Nyahanga kutoka kijijini upande wa Mhunze, alikuja na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, gunia zima, na fundo lake kwenye pindo la kanga. Fundo lile nililijua tangu utotoni. Ndimo zilimotoka karanga, pipi, na chochote alichotunyima mchana kutwa. Hadi leo nikiona mwanamke mzee anafungua pindo la kanga kwa meno, moyo unanienda mbio kama mtoto anayesubiri kugaiwa.

Kumbe uzeeni aliongeza kitu humo: vidonge vyake vya ugonjwa wa sukari. Vidole vilikuwa vimekakamaa, hawezi kubinya pakiti kila siku, basi alivitoa vyote kwa mpigo akavifunga pamoja na pipi za mjukuu. Kwake fundo ndiyo sehemu salama kuliko zote duniani. Nani aibe kiunoni kwake?

Siku hiyo alasiri alikwenda kuoga, kanga akaiacha juu ya kiti. Mimi nilikuwa nachambua mchicha uani. Binti yangu, hata miaka mitatu hajafikisha, akanijia anatafuna, midomo ina unga mweupe.

"Mama, pipi za bibi hazina utamu."

Nilimwingiza kidole mdomoni, nikatoa kipande kilichobaki, nikamfuta ulimi. Fundo nilikuta limefunguliwa, vidonge vimetapakaa sakafuni. Amemeza vingapi? Mungu ndiye ajuaye. Nilipiga yowe hadi mama akatoka bafuni na povu mabegani.

Jirani yetu mfugaji, yule tuliyekuwa tunanunua maziwa kwake, alifika mbio na kikombe kimejaa. "Mnyweshe, maziwa yanaua sumu! Halafu mtie kidole kooni atapike." Huku kwetu ng'ombe ni dawa ya kila kitu, na yule mama alikuwa na nia njema kabisa. Lakini kliniki ya watoto nesi alituimbia wimbo huo hadi tukachoka: mtoto akimeza dawa usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta, atapaliwa na utapoteza muda, mkimbize hospitali hata kama anacheza, na dawa yenyewe uibebe.

"Toa kikombe chako hapa!" nilimfokea. Alirudi nyuma na kikombe chake.

Nikaokota vidonge vilivyobaki sakafuni nikavifumbata kiganjani, bajaji ikaja. Nimeshapanda na mtoto, mama akageuka akaingia ndani. Jamani! Nilimsikia anapekua chini ya kitanda.

"Mayu, unatafuta nini? Unataka mtoto afe?" Sijawahi kumpigia mama yangu kelele namna ile. Akatoka ameshika mapakiti matupu ya vidonge vyake, kanga imefungwa shaghalabaghala, akajibana pembeni yangu. Njia nzima sikumtazama. Nilimsemesha mtoto tu, asisinzie nisijue. Baba yake nilimpigia, hapatikani. Alikuwa zamu, chini mgodini.

Hospitali daktari hakuuliza mambo mengi. Amekula nini, saa ngapi, vingapi? Nikafungua kiganja: vidonge vyeupe vitupu, havina jina. "Hivi vinaweza kuwa chochote," alisema. Ndipo mama alipomnyooshea mapakiti. Daktari alisoma mara moja, akaita nesi ampime mtoto sukari palepale, kidoleni. Ilikuwa imeanza kushuka, na mtoto bado anachezea kiatu chake.

"Dawa hii hata kidonge kimoja ni kingi mno kwake," alituambia wakimwekea dripu ya sukari. "Inashusha taratibu na inakaa mwilini muda mrefu. Hesabuni vyote visivyoonekana amevimeza. Atalala hapa, tutampima tena na tena, na atakuwa anakula."

Jioni alilegea, jasho likamtoka, akawa haitiki vizuri. Wakamwongezea sukari kwenye mshipa hadi akafumbua macho akaanza kulia. Sijawahi kufurahia kilio kama kile. Mama hakuwepo wodini. Alikuwa kwenye benchi la korido, na hakusogea pale hadi asubuhi.

Daktari alipopita asubuhi alisema sukari imetulia bila kushuka tena, waendelee kumwangalia hadi mchana. Nikatoka kumwambia mama. Alikuwa ameinama, kanga imekunjwa mapajani, haina fundo lolote.

"Mwanangu, nipeleke stendi. Nirudi nyumbani. Mimi si wa kuachiwa mtoto tena."

Nilitaka kumwambia kwamba mapakiti yale ndiyo yaliyompa daktari jina la dawa, kwamba dawa zote sasa zitakaa kabatini juu, na funguo nitashika mimi. Badala yake nikamshika mkono nikamwinua, tukaingia wodini. Mtoto alimnyooshea mikono yote miwili, na mrija wa dripu ukiwa bado umebandikwa.

"Kaa hapo, mayu. Mpakate." Nikamweka mtoto mapajani kwake, nikachukua chupa ya chai. "Nakwenda kutafuta uji."

Nikatoka, nikawaacha wawili peke yao.