Gunia la Susu

Mwende,

Umeniuliza kwa nini nilisomea kilimo, si uuguzi kama mama yako alivyotaka.

Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Alasiri moja Susu, nyanya yetu, alimimina ndengu za mbegu kwenye gunia lenye mifuko miwili ya plastiki ndani, akakamua hewa, akafunga kila mfuko kwa kamba. Zilinukia jua na vumbi. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba mbegu ni hai na inapumua, kwa hivyo nikazihurumia. Susu alipoenda mtoni, nilichukua sindano ya magunia, nikatoboa matundu kumi, nikatembea kifua mbele hadi jioni.

Mvua ilipokaribia, gunia lilikuwa likikwaruza lenyewe. Ndani mlikuwa na unga na fukusi wanene. Susu alilaumu panya, akaenda kuomba mbegu kwa jirani.

Nilienda chuo kutafuta kosa langu. Kumbe ndengu iliyokauka vizuri hupumua kidogo sana. Fukusi ndio humaliza hewa iliyobaki, kisha wanakufa. Wale niliwaokoa mimi.

Juzi nilipofuzu, Susu alinipa zawadi: gunia jipya, limekunjwa vizuri.

"Hili," akaninong'oneza, "usilitoboe."