Makopo Yaliyorudi Mnadani

Nyanjige Maduhu ana duka la rejareja karibu na stendi ya Bariadi. Mwaka huu mvua ilivuja stoo yake ikalowesha katoni za maharage ya kopo. Alipoyakagua, mengi yalikuwa yameshikwa na kutu ya kuchimba, ile isiyofutika kwa kitambaa. Mengine yalivuja maji mazito kwenye maungio. Matatu yalikuwa yamevimba mifuniko. Ukibonyeza mfuniko kwa kidole unabonyea, ukiachia unarudi juu. Kuvimba kule kulimtisha. Hakufungua hata moja. Aliyatia yote kwenye kiroba akayatupa shimo la taka nyuma ya soko.

Jumamosi alikwenda mnadani Mwamapalala kununua choroko. Kwenye turubai la Milembe, mwanamke wanayeimba naye kwaya, aliona makopo yasiyo na karatasi, yamesuguliwa kwa msasa hadi yanang'aa. Akachukua moja. Chini yake, ambako msasa haukufika, palikuwa na herufi N ya wino mweusi anayoiandika kwenye bidhaa zake, mwandiko wake mwenyewe.



"Mwangaluka, dada," Milembe alisalimia. "Hayo maharage mazuri, nakupunguzia."

"Milembe, haya umeyatoa wapi?"

"Kuna mtu kaniuzia. Yalikuwa yamebonyea bonyea, akayanyoosha kwa nyundo."

"Hayakubonyea, yalivimba! Yameharibika, yana sumu. Nimeyatupa mimi!"

Milembe alicheka kidogo, kisha akaacha. "Lakini hayanuki, dada. Jana Jilala alikula moja, bila hata kupasha. Alisema tamu."

Jilala ni mume wa Milembe.

"Leo yukoje?"

"Kalala. Anasema anaona vitu viwili viwili. Nikadhani jua la shambani."

Nyanjige aliyasomba makopo kwenye kiroba huku wateja wakimshangaa, kisha yeye na Milembe wakapanda pikipiki mpaka nyumbani kwa Milembe. Walimkuta Jilala ameketi kitandani, kope zimemwangukia, anajaribu kumeza mate yanashindikana. Alipomwita mkewe, sauti ilitoka nzito kama ya mlevi. Milembe alipiga yowe.

Walimkimbiza hospitalini, na huko Nyanjige alimwonyesha daktari kopo moja lililokuwa limevimba tena. Daktari hakuligusa, aliita wauguzi kwa sauti ya juu ambayo Nyanjige hakuitegemea. Jioni Jilala aliwekwa kwenye mashine ya kupumulia.

Alipona, ila polepole sana. Aliyeyanyoosha makopo hakuonekana tena. Bwana afya alikuja dukani akachukua makopo yaliyosombwa mnadani, akamwambia Nyanjige mali iliyoharibika asiitupe kimyakimya, na kopo lililovimba asilitoboe, maana cha ndani kinaweza kumrukia. Amwite yeye, liteketezwe mbele ya macho yake.

Nyanjige aliahidi kufanya hivyo. Tangu siku ile ya mnada hajaweza kumtazama Milembe machoni wakiwa kanisani, ingawa Milembe hajamlaumu kwa neno lolote.